Ukipatikana Nayo, Nani Athibitishe?

Kifungu cha 323 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni kifupi, lakini kinafanya jambo ambalo vifungu vingi vya jinai havifanyi: kinamtaka mshtakiwa aeleze. Mtu akisimamishwa na polisi akiwa na kitu ambacho kuna sababu ya maana ya kukishuku kuwa kimeibwa au kimepatikana isivyo halali, kisha asieleze alivyokipata hadi mahakama iridhike, ana hatia. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Cha ajabu ni kwamba si lazima mwenye mali ajitokeze kusema ameibiwa. Ndiyo maana mtaani husemwa, "ukipatikana nayo, jitetee." Maneno hayo ni ya kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoangusha kesi nyingine ambazo polisi walidhani zimekwisha siku ya kukamata.

Kanuni ya kawaida haina utata. Katiba, Ibara ya 50(2)(a), inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinasema anayedai ndiye athibitishe. Upande wa mashtaka ndio unaodai kuwa fulani ni mhalifu, basi wao ndio wabebe mzigo, tena bila kuacha shaka ya maana. Dhana ya kisheria inaingilia kati ya safari hiyo. Inaiambia mahakama: ukishathibitishiwa jambo hili la msingi, unaweza kulichukulia jambo lile la pili kuwa ni kweli, hadi mtu aonyeshe si kweli.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ushahidi kimezitenga dhana hizi kwa nguvu zake. Kuna zile ambazo mahakama *inaweza* kuzitumia au kuziacha. Kuna zile ambazo mahakama *ni lazima* izitumie mpaka zipingwe. Na kuna zile zinazofunga mjadala kabisa, ambazo ushahidi wa kuzipinga haupokelewi. Mfano wa aina ya pili ni kifungu cha 58 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya 2003: katika makosa ya Sehemu ya Tano ya sheria hiyo, ikithibitishwa kuwa ulifanya kitendo chenyewe, inachukuliwa ulikifanya kifisadi mpaka uonyeshe kinyume. Kila unaposoma dhana, uliza kwanza ni ya aina gani, maana mzigo unaokuangukia unategemea jibu hilo.

Sasa tuingie barabarani. Tuseme ni saa tatu usiku, Kirinyaga Road, na kijana anapita na mkoba mgongoni. Maafisa wawili wa doria wanamsimamisha, wanafungua mkoba, wanakuta simu 7 za aina mbalimbali. Hakuna hata boksi moja, hakuna risiti, mbili zina kioo kilichopasuka, na nne zimezimwa. Anawaambia ni za wateja, yeye ni fundi. Wanamchukua kituoni, tukio linaandikwa katika kitabu cha OB, simu zinaandikwa kwenye inventori, na kabla ya saa 24 kwisha yuko mbele ya hakimu akisomewa shtaka la kifungu cha 323.

Kabla kijana huyu hajaulizwa neno lolote mahakamani, upande wa mashtaka una kazi ya kufanya. Kifungu cha 323 kimefungwa kwa kamba na kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kile kinachompa polisi mamlaka ya kusimamisha, kupekua na kuzuia chombo cha usafiri au mtu anayeshukiwa kuwa amebeba mali ya wizi. Shtaka halisimami kama mtu hakuzuiliwa kwa mamlaka hayo. Hapa ndipo kesi nyingine hufia mapema. Kama simu zilezile 7 zingepatikana chini ya kitanda chake, baada ya polisi kugonga mlango wa chumba anachokaa, kifungu cha 323 kingekuwa kimetumiwa pasipo mahali pake. Kinamlenga mtu aliye njiani na mali, si mtu aliyelala nyumbani. Kifungu chenye maneno yanayokaribiana na haya kilikuwamo katika sheria ya polisi ya London ya 1839, na mapema kabisa mahakama za huko, katika shauri la *Hadley v Perks* la 1866, ziliamua kuwa neno "kuwa na" lisomwe sambamba na neno "kusafirisha" lililo kando yake. Wakili anayetetea kesi ya namna hii huanza na swali moja kwa shahidi wa kwanza: ulimkuta wapi hasa?

Swali la pili ni kwa nini ulimshuku. Shaka lazima iwe na miguu, na iwe ilikuwapo wakati ule wa kumzuia, si iliyotungwa kituoni wakati wa kuandika taarifa. Afisa akisema, "alikuwa anatembea haraka na alionekana na wasiwasi," hajasema kitu kuhusu simu. Akisema, "simu zilikuwa saba, hazina boksi, na alipoulizwa ni za nani alitaja jina moja kisha akalibadilisha," hapo hakimu ana kitu cha kupima. Kipimo hakiko kichwani mwa afisa peke yake. Hakimu anauliza kama mtu mwenye akili timamu, akiyaona hayo yote, angeshuku. Mavazi ya mtu na mtaa anaotoka havitoshi, ingawa ukweli ni kwamba mara nyingi ndivyo vilivyomfanya asimamishwe.

Jambo la tatu ni kwamba mali ilikuwa mikononi mwake. Kwa mkoba ulio mgongoni halina ugumu. Kwa mkoba uliokutwa chini ya kiti cha matatu yenye abiria 14, ni kesi tofauti kabisa.

Mambo hayo matatu yakithibitika, na hapo tu, ndipo kijana anaonekana ana kesi ya kujibu. Kukipungua kimoja, kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka hakimu amwachilie bila kumwomba maelezo. Watu husahau hatua hii kwa sababu wanadhani kukutwa na mali ndiyo kesi yenyewe. Kukutwa nayo ni mlango tu.

Maelezo sasa. Sheria inataka maelezo yairidhishe *mahakama*, si askari wa barabarani. Kwa hivyo kijana aliyenyamaza usiku ule, kama Ibara ya 49 ya Katiba inavyomruhusu, hajapoteza nafasi yake. Lakini kama alisema simu ni za wateja, kisha kizimbani akasema alizinunua kwa jamaa, tofauti hiyo itapimwa dhidi yake. Tuseme ameshikilia neno lake la kwanza. Maelezo yenye uzito yangekuwa haya: daftari la kibanda chake cha ufundi lenye tarehe, jina la mteja, aina ya simu na ubovu wake, ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya awali ya kioo, na mteja mmoja au wawili waje waseme, "hii ni yangu, nilimpelekea Jumanne." Si lazima wateja wote 7 wafike. Ila kila simu inasimama peke yake: akieleza tano na mbili zikabaki bila mwenyewe, anaweza kutiwa hatiani kwa hizo mbili.

Aridhishe kwa kiwango gani? Hata ukiyasoma maneno ya kifungu cha 323 kwa ukali wake wote, mshtakiwa hawekewi kipimo cha upande wa mashtaka. Kikubwa anachoweza kudaiwa ni mizani ya uwezekano, yaani maelezo yake yaelekee kuwa kweli kuliko kutokuwa. Na kuna kinga nyingine ambayo mawakili wengi huitumia kidogo kuliko inavyostahili. Kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi kinamtwika mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha jambo ambalo yeye hasa ndiye anayelijua, lakini papo hapo kinaongeza kuwa aachiliwe ikiwa ushahidi wa upande wowote umezaa shaka ya maana juu ya hatia yake. Hata jibu alilolitoa askari mwenyewe akihojiwa na wakili ("ndiyo, alikuwa na bisibisi na vioo vya simu kwenye mkoba") linaweza kumbebea mzigo huo bila yeye kufungua kinywa.

Soma hukumu kwa makini ukiikata rufaa. Sentensi kama "mshtakiwa ameshindwa kuniondolea shaka kuwa hakuiba simu hizi" ni kosa la kisheria lililoandikwa kwa wino. Hakimu amegeuza mizani: amechukua kiwango cha mshtaki akakiweka shingoni mwa mshtakiwa, tena kwa kosa la wizi ambalo halimo kwenye shtaka.

Hali hubadilika mwenye simu akipatikana. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, yaani IMEI, na ukiandika

```
*#06#
```

namba hiyo inajitokeza kwenye kioo. Tuseme mpelelezi amefanya hivyo kwa simu moja, akakuta inalingana na boksi la mwalimu aliyepiga ripoti siku mbili kabla kuwa amenyang'anywa simu na watu watatu wenye kisu. Sasa kifungu cha 323 kinawekwa kando. Shtaka linakuwa la unyang'anyi wa kutumia nguvu, kosa ambalo adhabu yake katika kitabu cha sheria ni kifo, na chini yake linaandikwa shtaka mbadala la kupokea mali ya wizi kwa kifungu cha 322, ambalo kifungo chake hufika miaka 14. Na dhana inayotumika si ya kifungu maalumu tena. Ni ile ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni, inayotokana na kifungu cha 119 cha Sheria ya Ushahidi, ambapo mahakama inaweza kukisia kilichotokea kwa kufuata mwendo wa kawaida wa mambo na tabia za watu. Angalia neno: inaweza. Hailazimiki.

Mahakama ya Rufani, katika shauri la *Isaac Ng'ang'a Kahiga*, ilitaja mambo manne ambayo lazima yathibitike kwanza: mali ilikutwa kwa mshukiwa, mali ni ya mlalamishi bila ubishi, iliibwa kwake, na iliibwa karibuni. La pili na la nne ndiyo yanayosumbua. Mlalamishi akisema, "naijua kwa rangi yake na mkwaruzo," kwa simu ya aina inayouzwa kila duka la Luthuli Avenue, hajaitambua bado. Boksi lenye IMEI, au risiti yenye namba hiyo, humaliza ubishi. Rekodi za kampuni ya simu pia husaidia, lakini zikija kama karatasi zilizochapwa bila hati ya kuthibitisha rekodi za kompyuta inayotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, wakili atazipinga, na pengine atashinda.

Kuhusu "karibuni", hakuna idadi ya siku iliyowekwa. Mahakama hiyohiyo ilisema muda unategemea wepesi wa mali kupita mkono hadi mkono. Simu inaweza kuuzwa mara tatu kwa wiki moja, kwa hivyo mwezi mmoja baada ya wizi dhana inaweza kuwa imeshachakaa. Gari lenye daftari la umiliki, au mashine ya kusagia nafaka, haliuziki hivyo, na miezi inaweza kupita dhana ikiwa bado hai. Kwa kijana wetu ni siku mbili, na hilo ni zito.

Hata hapo, anachotakiwa kutoa ni maelezo yanayoweza kuwa ya kweli. Shauri la *Malingi* la 1989 linakumbukwa kwa kueleza kuwa mzigo humhamia mshtakiwa aeleze alivyoipata mali, lakini baada ya mambo ya msingi kuthibitishwa tu, na kwamba dhana yenyewe inapingika. Akisema aliletewa na mteja fulani, akatoa namba yake ya simu na ukurasa wa daftari, ni juu ya mpelelezi kumfuatilia mtu huyo. Mpelelezi akikiri hakupiga hata simu moja, maelezo yanabaki yamesimama. "Niliuziwa na mtu nisiyemjua, mia tano, gizani" ni maelezo ya aina nyingine: hayampi mpelelezi pa kuanzia, na bei yenyewe inamshtaki, kwa sababu kifungu cha 322 kinamgusa hata aliyekuwa na sababu ya kuamini kuwa mali ni ya wizi. Maelezo hayo yanaweza kumwokoa na unyang'anyi na kumtumbukiza kwenye shtaka mbadala.

Je, haya yote yanapatana na haki ya kunyamaza? Ibara ya 50(2)(i) inamruhusu mshtakiwa asiseme wala asitoe ushahidi, na Ibara ya 25 inasema haki ya kusikizwa kwa haki haipunguzwi. Kwa mali iliyoibwa karibuni naona hakuna mgongano mkubwa: kunyamaza si kosa, ila kunaiacha mahakama na ushahidi wa upande mmoja. Kifungu cha 323 ni kigumu zaidi kukitetea, kwa sababu kukosa maelezo ni sehemu ya kosa lenyewe. Mahakama ya Juu ya Kanada ilipokutana na swali la jamii hii mwaka 1986, katika shauri la *Oakes*, mtu alikuwa amekutwa na vichupa 8 vya mafuta ya bangi, gramu moja kila kimoja, na sheria ikamtaka athibitishe hakuwa mchuuzi. Mahakama ilikifuta kifungu hicho: kuwa na kiasi kidogo hakumaanishi kwa mantiki kuwa unauza. Ukitumia kipimo hicho kwa mkoba wa kijana wetu, swali linakuwa kama simu 7 bila boksi zinaelekeza kwenye wizi, au kwenye ufundi, katika jiji ambalo mafundi wa simu wamejaa kila kona.

Watu huchanganya haya na mali isiyoelezeka ya maofisa wa umma, na hapo mchezo ni mwingine. Vifungu vya 26 na 55 vya sheria ile ya ufisadi ya 2003 havimfungi mtu kwa kuwa na mali hiyo. Vinachukua thamani ya mali. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hufungua shauri Mahakama Kuu, na kipimo toka mwanzo ni mizani ya uwezekano. Lakini mpangilio ni uleule wa msingi kwanza, maelezo baadaye. Tume lazima ionyeshe kuwa mali ilipatikana karibu na wakati mtu aliposhukiwa kwa sababu za maana, kwamba haiwiani na mapato yake yanayojulikana, na kwamba alipewa nafasi ya kueleza kabla ya kupelekwa kortini. Ndipo mahakama inamgeukia yeye.

Chukua ofisa ambaye mshahara wake unaoingia benki ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu hiyo ni milioni 3.6. Akaunti zake mbili zimepokea jumla ya milioni 14. Tume inadai milioni 10.4. Wakili makini haanzi na hadithi ya shamba. Anaanza na hesabu. Milioni 1.5 zilitoka akaunti moja kwenda nyingine, zimehesabiwa mara mbili. Milioni 2 ni mkopo wa sacco, na barua ya sacco ipo. Zimebaki milioni 6.9, ambazo ofisa anasema ni za maziwa. Stakabadhi za ushirika wa maziwa zinafika laki 9. Milioni 6 zilizobaki hana karatasi yoyote, anasema wateja walilipa taslimu. Mahakama inaweza kumwamuru ailipe Serikali milioni hizo 6, hata kama pesa zenyewe zilishageuka kiwanja au karo.

Katika shauri la Stanley Mombo Amuti, lililoishia kwenye amri ya shilingi 41,208,000, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2019 kuwa utwaaji huu hautegemei mtu kutiwa hatiani kwa jinai, na ikaufupisha mzigo wa mhusika hivi: athibitishe au aikose.

Kwa ofisa, hatua ya hatari huwa imepita kabla ya kortini. Ilani ya kifungu cha 26 humtaka aorodheshe mali yake yote kwa maandishi, lini aliipata, na kama aliinunua, alipewa au aliirithi, na kwa kiasi gani. Kuipuuza ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Kuijibu kwa haraka kuna gharama yake pia. Anayeandika "biashara" bila kutaja ipi, kisha miaka miwili baadaye akaleta stakabadhi za maziwa, ataulizwa kwa nini ng'ombe hao hawakuwamo kwenye orodha ya kwanza.